Fedha za marehemu zilizobaki benki

Mtu mwenye akaunti ya benki anapofariki, fedha zake hazihamii moja kwa moja kwa mke, mume au watoto, hata kama kila mtu mtaani anajua kuwa hao ndio warithi. Nchini Tanzania fedha hizo huingia kwanza kwenye mirathi, yaani mali yote aliyoiacha marehemu pamoja na madeni yake, na mirathi hiyo huhitaji mtu mmoja au wawili waliopewa na mahakama mamlaka ya kuikusanya. Benki ikishapata taarifa ya kifo huizuia akaunti. Haifanyi hivyo kwa ukatili. Benki iliyomlipa mtu asiyestahili haijamaliza deni lake kwa warithi wa kweli, na wakijitokeza baadaye inaweza kulazimika kulipa mara ya pili. Kwa hiyo kila karatasi inayodaiwa njiani inajibu mojawapo ya maswali manne: je, mwenye akaunti amekufa kweli; nani ana haki katika mali yake; nani ameruhusiwa kuipokea; na je, akaunti hii ni ya marehemu huyuhuyu?

Familia nyingi huanza na njia za mkato, na hapo ndipo matatizo huzaliwa. Mtoto anayeijua namba ya siri ya kadi ya baba hutoa fedha za msiba kabla benki haijajua. Nia yake ni njema, lakini tangu saa ya kifo fedha zile si za baba tena wala si za mtoto yule peke yake, na taarifa ya benki itaonyesha tarehe ya kila shilingi iliyotoka. Warithi wengine wakiiona, ugomvi huanza, na aliyetoa huitwa mahakamani aeleze zilikokwenda. Wapo pia wanaokwenda benki na hati ya uwakilishi ambayo marehemu aliisaini akiwa mgonjwa. Hati hiyo hufa pamoja na aliyeitoa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kumwakilisha asiyekuwepo.

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba jina lililoandikwa kwenye fomu ya kufungulia akaunti, pale panapoulizwa ndugu wa karibu, ndilo jina la mrithi. Sivyo. Jina hilo huisaidia benki kumpata mtu wa kuwasiliana naye. Halimpi haki ya kutoa fedha. Akaunti ya watu wawili nayo hutegemea maelekezo waliyosaini siku ya kuifungua. Ikiwa waliandika kwamba mmoja akifa aliyebaki aendelee nayo, benki huweza kumruhusu. Ikiwa saini zote mbili zilihitajika, sehemu ya marehemu husubiri mirathi. Mjane mwenye akaunti ya namna hii afanye vizuri kuomba kuonyeshwa maelekezo hayo kabla ya kitu kingine chochote.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo, ingawa watu wengi hukipeleka mahakamani na benki wakidhani kinatosha, kisha wanarudishwa. Kifo kikitokea hospitali, familia hupewa tangazo la kifo, na kwa tangazo hilo husajili kifo na kuomba cheti. Kikitokea nyumbani, safari huanza kwa uongozi wa kijiji, mtaa au kata. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Ukiupita muda huo usajili bado unawezekana, lakini maswali huongezeka, na vielelezo vinavyotakiwa huongezeka pia.

Siku ya kujaza maombi ya cheti ndiyo inayostahili uangalifu kuliko siku nyingine zote katika safari hii. Msemaji wa familia, amechoka na ana majonzi, hutaja jina la marehemu kama lilivyozoeleka nyumbani, na karani huliandika hivyo. Miezi kadhaa baadaye inagundulika kwamba cheti kinasomeka Saidi, kitambulisho cha taifa kinasomeka Said, na akaunti imefunguliwa kwa jina la babu badala ya jina la ukoo. Kwa macho ya familia ni mtu mmoja. Kwa macho ya benki ni watu wawili hadi ithibitishwe vinginevyo. Tofauti ndogo ya tahajia mara nyingi huondolewa kwa hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Tofauti kubwa hudai cheti chenyewe kirekebishwe RITA, na hiyo ni safari nyingine. Dawa ni kwenda kusajili kifo ukiwa na kitambulisho cha marehemu na kadi au kitabu chake cha benki mkononi, na kusoma kila herufi kabla ya kuondoka dirishani.

Baada ya cheti kinafuata kikao cha familia au ukoo. Jambo moja hapa halifahamiki sana: Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, zilizotangazwa mwaka 1971 kwa Tangazo la Serikali namba 49, hazikifanyi kikao cha ukoo kuwa sharti la kisheria. Hata hivyo mahakimu wengi huomba muhtasari wake, na wana sababu. Muhtasari mzuri unaonyesha nani alihudhuria, warithi ni akina nani na wana uhusiano gani na marehemu, mali na madeni yanayojulikana ni yapi, na nani amependekezwa kuwa msimamizi. Kila aliyehudhuria husaini. Wakati bora wa kukaa kikao hicho ni kabla ndugu wa mbali hawajarudi makwao. Familia zinazongoja arobaini mara nyingi hulazimika kuwatafuta watu upya, mmoja Mwanza, mwingine Mtwara, kwa ajili ya saini tu. Lakini kwa kuwa kikao si sharti la sheria, ndugu anayekataa kusaini ili kumkomoa mjane hana uwezo wa kumfungia mlango wa mahakama. Mjane anaweza kuomba mwenyewe, akaeleza sababu ya kukosekana kwa muhtasari, na hakimu akaamua.

Uchaguzi wa mahakama ndio unaoharibu mirathi nyingi, na athari zake huonekana wakati watu wamekwishaenda mbali. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, katika Jedwali lake la Tano, inaipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka pale ambapo sheria inayohusika ni ya kimila au ya Kiislamu, na marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo. Masharti yote mawili lazima yatimie. Marehemu ambaye maisha yake hayakufuata mila wala sheria ya Kiislamu, na hasa Mkristo aliyeishi hivyo, mirathi yake hupelekwa mahakama ya juu zaidi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Makazi nayo ni pale marehemu alipoishi, si pale mtoto mkubwa anapoishi, wala si pale tawi la benki lilipo. Uteuzi uliotolewa na mahakama isiyo na mamlaka unaweza kufutwa, na kila kilichofanyika juu yake kikaanza kuyumba. Kumuuliza karani swali hilo kabla ya kulipia chochote huokoa miezi.

Maombi katika Mahakama ya Mwanzo hufanywa kwa Fomu namba 1. Huambatanishwa na cheti cha kifo, kitambulisho cha mwombaji, muhtasari wa kikao ukiwepo, wosia kama uliachwa, na kwa kawaida barua ya mtendaji au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto huthibitisha nani ni nani. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Mahakama kisha hutoa tangazo ili yeyote mwenye pingamizi ajitokeze, na tarehe ya kusikilizwa huandikwa humo. Kipindi hicho hakiharakishwi kwa kubembeleza, kwa sababu ndiyo nafasi pekee ya mke wa pili asiyejulikana, mtoto wa nje au mdai wa marehemu kusikika mapema.

Siku ya kusikilizwa hakimu huuliza juu ya marehemu, warithi na mali, na asiporidhika huweza kudai mashahidi. Akiridhika humteua msimamizi, na anaweza kumtaka asaini dhamana na kuleta wadhamini. Hati ya uteuzi ni Fomu namba 4, na hii ndiyo karatasi ambayo benki imekuwa ikiingojea tangu mwanzo. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Msimamizi mwenyewe anapaswa kukumbuka kwamba hakupewa fedha, amepewa kazi. Anaweza kuwa mrithi, anaweza asiwe, lakini hapati sehemu kubwa zaidi kwa sababu jina lake limo kwenye fomu.

Benki humpokea msimamizi akiwa na Fomu namba 4, cheti cha kifo, kitambulisho chake, na barua ya mahakama. Kabla ya hapo benki hukataa hata kutaja salio, kwa kuwa siri ya mteja haiishi na kifo. Kwa hiyo familia isiyojua kiasi kilichopo haihitaji kukikisia katika maombi. Inatosha kutaja jina la benki, na namba ya akaunti kama inajulikana. Mara nyingi tawi halimalizi jambo hili lenyewe. Hupeleka nyaraka makao makuu, idara ya sheria ikazisoma na kuiandikia mahakama kuuliza kama hati ile ni yake kweli. Hati za kughushi zimewafanya watu wa benki kuwa waangalifu, na barua hiyo ya uhakiki ikikwama kwenye meza ya karani, kila kitu hukwama. Msimamizi anayeuliza tawini kila wiki bila kujua barua imefikia wapi anajichosha bure. Swali linalosaidia ni hili: barua ya uhakiki ilitumwa tarehe ngapi, kwa mahakama ipi, na ina kumbukumbu namba gani? Akiwa na majibu hayo huenda mahakamani kuitafuta.

Uhakiki ukikamilika, utaratibu uliozoeleka ni benki kuzihamishia fedha kwenye akaunti ya mirathi ya Mahakama, na mahakama kuwalipa warithi kwa mgawanyo ulioidhinishwa, kila mmoja kupitia akaunti yake. Hapo hujitokeza kikwazo cha mwisho kisichotarajiwa: mrithi hana akaunti, au jina la akaunti yake halifanani na jina lililo kwenye jalada. Warithi wafungue akaunti mapema, wakati tangazo bado linaendelea, kwa majina yaleyale yaliyo kwenye vitambulisho vyao.

Kama marehemu alikuwa na mkopo, benki inaweza kudai deni lake kutoka katika fedha zilizopo. Mikopo mingi ya wafanyakazi, hata hivyo, huambatana na bima inayolipa salio la mkopo mkopaji akifa, na ada yake ilikwishakatwa siku mkopo ulipotolewa. Bima hiyo ina muda wa kutoa taarifa, na familia isiyoijua inaweza kuona akiba ikimalizwa na deni ambalo tayari lilikuwa na mlipaji. Mtu wa familia anayeripoti kifo aulize kwa maandishi kama mkopo ulikuwa na bima na madai yake hufunguliwaje. Kwa swali hilo haihitajiki kungoja Fomu namba 4.

Mfano wa kufikirika unaonyesha mambo haya yanavyoshikana. Mfanyabiashara wa nafaka, Mwislamu, mkazi wa Morogoro mjini, anafariki akiwa na akaunti aliyoifungua miaka mingi nyuma katika tawi la Kariakoo. Anaacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, wote watu wazima. Wazazi wake walimtangulia. Mjane yumo eda, miezi minne na siku kumi, na familia haitaki ahangaike mahakamani wakati huo. Mtoto mkubwa anayeishi Dar es Salaam anakwenda kufungua shauri Kariakoo kwa sababu akaunti iko huko. Karani anamrudisha: marehemu alikuwa na makazi Morogoro, na shauri ni la Mahakama ya Mwanzo ya huko. Wiki tatu zimepotea, lakini ni heri zipotee hapo kuliko baada ya uteuzi.

Kikao kinamkubali mtoto huyo awe msimamizi, mjane akiweka saini yake nyumbani. Tangazo linapita bila pingamizi na Fomu namba 4 inatoka. Benki inaikataa. Cheti cha kifo kinasema Saidi na jina la ukoo. Akaunti inasema Said na jina la babu. Kwa kuwa jina la babu halimo popote kwenye cheti, hati ya kiapo ya msimamizi peke yake haiiridhishi idara ya sheria. Familia inatafuta kitabu cha zamani cha benki chenye picha na saini ya marehemu, leseni ya biashara yenye majina yote matatu, na barua ya serikali ya mtaa, kisha kiapo kingine kinachosainiwa na msimamizi na mjane. Safari hii benki inakubali na kuandika kwamba salio ni shilingi 9,600,000.

Fedha hizo hazigawanywi zote. Gharama za mazishi zilizolipwa kwa mkopo wa jirani, shilingi 400,000, na deni la muuza magunia, shilingi 1,200,000 lenye risiti, hulipwa kwanza. Hakuna wosia. Zinabaki shilingi 8,000,000. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata moja ya nane, ambayo ni shilingi 1,000,000. Shilingi 7,000,000 zilizobaki huenda kwa watoto, kila wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Zinagawanywa mafungu matano ya shilingi 1,400,000: kila mtoto wa kiume anachukua mafungu mawili, yaani shilingi 2,800,000, na wa kike fungu moja. Jumla inarudi shilingi 8,000,000 kamili. Kama mama wa marehemu angekuwa hai, angechukua moja ya sita na hesabu yote ingebadilika. Ndiyo maana kumsahau mzazi aliye hai kwenye orodha ya warithi ni kosa kubwa, na hutokea zaidi mzazi anapokuwa kijijini, mbali na wanaojaza fomu.

Mjane wa mfano huu hakupaswa kudhani kwamba moja ya nane ya akaunti ndiyo haki yake yote. Kama sehemu ya fedha ile ilikuwa yake mwenyewe, tuseme mauzo ya duka lake yaliyokuwa yakiwekwa humo, sehemu hiyo si mali ya marehemu, na alitakiwa kulisema hilo mahakamani kabla ya mgawanyo, akiwa na stakabadhi. Wajane wengi hunyamaza kwa kuona haya wakati wa msiba, na wakisema baada ya fedha kulipwa huwa wamechelewa.

Kukiwa na watoto wadogo, sehemu yao haikabidhiwi kwa mjomba mkubwa kwa neno la kikao tu. Mahakama hutaka kujua nani mlezi na fedha zitatunzwaje, na huweza kuelekeza ziwekwe kwenye akaunti ya mtoto. Jambo hilo huongeza muda, na ni muda wenye faida kwa mtoto.

Ucheleweshaji unaozidi wote hutoka ndani ya familia. Pande mbili zikifungua mashauri mawili ya marehemu mmoja katika mahakama tofauti, benki ikipokea hati mbili za uteuzi husimamisha malipo hadi moja ifutwe. Pingamizi juu ya nani awe msimamizi huweza kupanda kwa rufaa kutoka ngazi moja hadi nyingine wakati fedha zimelala. Familia isiyoaminiana inaweza kuomba wasimamizi wawili, mmoja kutoka kila upande, ili mmoja asitende bila mwenzake. Familia isiyo na mtu wa kuaminika kabisa inaweza kwenda kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye kazi zake ziko chini ya RITA.

Fedha za kwenye simu hufuata kanuni ileile: kampuni ya simu hudai cheti cha kifo na hati ya msimamizi, na kuitumia namba ya siri ya marehemu kuna hatari zilezile za kadi ya benki. Akiba za SACCOS na mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii huwa na taratibu zake, kwa sababu mwanachama huweza kuwa aliandikisha wanufaika, na hivyo huulizwa kando.

Kazi ya msimamizi haiishi fedha zinapotoka benki. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa anatakiwa kuwasilisha Fomu namba 5, yenye orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni yote ya marehemu, na mahakama inaweza kumwongezea muda akiomba. Benki ikichelewa kutaja salio, muda huo hupita upesi, kwa hiyo aombe nyongeza kabla haujaisha na aambatanishe nakala ya barua aliyoiandikia benki. Baadaye huwasilisha Fomu namba 6, inayoonyesha kilichoingia, kilicholipwa kwa wadai, na kila mrithi alipata nini, pamoja na risiti na saini zao. Asiyefanya hivyo anaweza kuondolewa kwa maombi ya mrithi yeyote, akateuliwa mwingine. Hesabu hizo zikikubaliwa bila pingamizi, mahakama hulifunga jalada, na msimamizi huondoka na nakala ya amri ya kulifunga, ambayo ataihitaji iwapo mdai au mrithi atajitokeza baadaye na kumuuliza fedha zilikwenda wapi.